Tangi Bovu imo kwenye jina la barabara, kwa nini haimo kwenye anwani zetu?

Mkazi_Bagamoyo_Rodi

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira. Mwezi uliopita mama mkwe wangu alibanwa na pumzi usiku, tukapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Mpokea simu aliuliza wilaya, kata, mtaa, jina la barabara na namba ya nyumba, nami nikamtajia vyote kama vilivyo kwenye vibao tulivyowekewa katika zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022. Nilipoongeza kwamba ni Mbezi Beach, kituo cha Tangi Bovu, alinijibu kuwa fomu yake haina mahali pa kuandika jina hilo. Dereva hakuifahamu barabara yetu, kwa sababu hata sisi tunaoishi humo hatuiiti kwa jina la kwenye kibao. Alichokishika ni "Mbezi" tu, akaenda Mbezi Mwisho, Barabara ya Morogoro, ilhali sisi tuko Barabara ya Bagamoyo. Mgonjwa tulimpeleka kwa bajaji.

Kuna kata ya Mbezi wilayani Ubungo na kata ya Mbezi Juu wilayani Kinondoni, na kinachotutoa katika utata huo kila siku ni majina ya vituo. Ukimwambia mtu ashuke Afrikana, Goigi au Tangi Bovu, hawezi kupanda gari la Kimara. Ukimwambia Kwa Msuguri, hawezi kupanda la Tegeta. Kazi hiyo haifanywi na jina lolote lililomo kwenye ile fomu.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba serikali inayajua majina haya na inayatumia inapotaka. Barabara ya kwenda Goba inaitwa rasmi Tangi Bovu–Goba. Vituo vya mabasi ya mwendokasi, vilivyoanza kutumika mwaka 2016, vinaitwa Bucha, Korogwe, Baruti na Argentina, kama wananchi walivyokuwa wakiita. Iweje jina lifae kumshusha abiria lakini lisifae kumfikia mgonjwa? Ninadai kisanduku kimoja tu kiongezwe kwenye anwani: jina linalotumiwa na wakazi.

Posta_ya_Zamani

Pole kwa mgonjwa. Hata hivyo, ungetaja postikodi yako ya tarakimu tano usingepata shida, kwa kuwa kila nyumba ina ya kwake.

Mchora_Ramani

Ndugu Posta, postikodi inaishia kwenye kata, hivyo nyumba zote za kata moja zina tarakimu zilezile. Ingemtoa dereva Ubungo na kumleta Kinondoni, jambo ambalo si dogo, lakini isingemfikisha mlangoni.

Nilishiriki Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015, tukipita mitaani na wenyeji kuchora ramani ya Dar es Salaam. Tulichojifunza ni kwamba majina ya namna hii yana kitovu lakini hayana mpaka. Ukiuliza Tangi Bovu inaishia wapi, wa upande wa bahari atakupa jibu moja na wa upande wa Goba jingine, na wote wako sahihi. Kwa hiyo usichore eneo, weka nukta palipo kituo. Kwenye OpenStreetMap nukta hiyo huandikwa hivi:

```
place=neighbourhood
name=Tangi Bovu
```

Lakini nukta hiyo haitakusaidia ikiwa programu ya mpokea simu inasoma orodha ya kata na mitaa peke yake. Mwombeni atafute "Tangi Bovu" bila neno jingine. Asipopata kitu, mjue dosari iko kwenye orodha hiyo, na ramani haina kosa.

Mzaliwa_wa_Tabata

Mimi ninataka kinyume chake. Kwetu ni Tabata Dampo. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu na mwaka 1988 wakashinda kesi dhidi ya halmashauri ya jiji kuhusu jalala hilo, nalo likahamishwa. Jalala limeondoka, jina limebaki, na kila mnunuzi wa nyumba akilisikia anapunguza bei. Je, ninaweza kuliondoa kwenye hati ya nyumba?

Mchora_Ramani

Hati hutaja kitalu na namba ya kiwanja, hivyo huenda hata halimo. Isome kwanza.

Mkazi_Bagamoyo_Rodi

Ndugu wa Tabata, sitaki mtu alazimishwe kubeba jina linalomwumiza, na sijui nani apewe mamlaka ya kuamua pale majirani wanapotofautiana. Lakini hata kwenu, dereva wa usiku akitajiwa Dampo atafika. Ndugu Mchora Ramani, jaribio hilo nitalifanya Jumatatu, kisha nitapeleka barua ofisi ya serikali ya mtaa kudai kisanduku hicho. Wakazi wa Goigi na Afrikana walio tayari kutia saini wajitokeze hapa.