Ulishanunua simu mkononi mwa mtu ikakugeukia kwa akaunti ya mwenyewe? Tupeane uzoefu

Kijana wa Goba: Leo kwenye mwendokasi nimekaa na dogo ameshika aifoni inang'aa kweli, kuchungulia kioo kimeandikwa iPhone Locked to Owner, nikakumbuka yangu. Nani mwingine yalimkuta na alichomokaje?

Bibie Mwananyamala: Mimi hapa. Niliishia kuifanya kioo cha kujipakia lipstiki.

Baba Wawili: Ngoja niwape mkasa wangu. Nilichukua aifoni 11 kwa jamaa pale Kariakoo, laki nne na nusu, tulikutana tu kwenye chai. Nimeitumia miezi miwili freshi, napiga, naposti, sina habari kumbe akaunti iliyomo sio yangu wala sio ya jamaa. Siku mwanangu kabadilisha namba ya siri kisha kaisahau, nikampelekea fundi akaiflashi kwa kompyuta. Ikawaka na hiyo Locked to Owner, chini kuna imeli imefichwa, herufi moja na nyota tupu. Nilihisi tumbo linashuka. Jamaa namba hapatikani. Nikakumbuka nilimlipa kwa simu, nikarudi kwenye meseji ya muamala nikapata jina lake kamili, nikaulizia Kariakoo siku nne mpaka binamu yake akanipeleka Mbagala. Jamaa akaapa simu ya dada yake yuko Maskati, alimwachia. Nikasema haya, tumpigie sasa hivi mbele yangu.

Mwana Tandika: Simu ya wizi hiyo mzee, dada wa Maskati ndo wote husema hivyo.

Baba Wawili: Tulia basi. Dada kapokea, kweli simu yake, kasema nimebadilisha pasiwedi, jaribu. Tukajaribu, wapi. Akatuma namba za uthibitisho zinakwenda kwenye simu hiyo hiyo iliyofungwa! Hapo nilikaa chini.

Fundi Msimbazi: Hapo ndo wengi hukwama bure. Kubadilisha pasiwedi hakufungui kitu, kufuli liko kwenye seva ya Apple, sio kwenye simu. Mwenye akaunti afungue icloud.com/find kwenye kifaa chochote, ukurasa huo unamruhusu kuingia kwa imeli na pasiwedi bila zile namba. Achague simu husika, Remove This Device, basi. Wewe zima uwashe, unganisha waifai, inaendelea kama mpya. Kama simu bado haijafutwa, aanze na Erase ndo aitoe.

Baba Wawili: Ndicho tulichofanya, dada kabonyeza huko, mimi nimeshika simu Mbagala, dakika chache ikapita. Nusura nilie mbele ya watu.

Mama Shuka: Yangu ni samsangi, inadai jimeli ya mtu. Na yenyewe niingie huko huko?

Fundi Msimbazi: Hapana mama, hiyo ni ya Google, njia nyingine. Mtafute aliyekuuzia aingize jimeli yake na pasiwedi, kisha aitoe.

Kijana wa Goba: Mimi nilituma IMEI 15090 kabla sijalipa, ikajibu freshi. Kumbe nimeingizwa mjini.

Fundi Msimbazi: 15090 inakuambia simu ni halisi au feki. Mambo ya iCloud haiyajui.

Mwana Tandika: Mnateseka bure, mtaani baipasi elfu hamsini unapata.

Fundi Msimbazi: Hiyo inakwenda zaidi kwa zile za zamani, hasa mpaka aifoni 10. Mara nyingi laini haishiki, na ukifuta au kuapdeti kufuli linarudi. Kwa 11 wengi wanaokuahidi wanakula hela yako.

Mwana Tandika: We unaharibia wenzio biashara.

Bibie Mwananyamala: Afadhali aharibu. Mimi nilitoa hamsini yangu, nikaambulia simu ya kuangalia saa. Nikaenda njia ya kampuni yenyewe, nikatuma karatasi ya aliyeniuzia, wakataka risiti ya duka la kwanza yenye siriali. Ntaipata wapi?

Dada Ukonga: Mimi ndo niliibiwa. Niliiweka namba ya mume wangu ionekane kwenye kioo. Kaka mmoja akapiga, kanunua laki tatu, analia nimfungulie. Tukakutana kituoni Buguruni, mume wangu katangulia na askari. Yule kaka kalala ndani siku mbili kwa simu ya mwizi mwingine. Mpaka leo naona vibaya.

Mwana Tandika: Si ungemfungulia tu mtoto wa watu?

Dada Ukonga: Simu yangu nimfungulie na laki tatu zake nani anamrudishia, wewe?

Baba Wawili: Ndo maana sasa naenda na bando langu, muuzaji aitoe akaunti mbele yangu kwenye Settings, tufute pale pale, niivushe mpaka kwenye aikoni ndo natoa hela. Akisema ana haraka, naondoka.

Bibie Mwananyamala: Sasa hii yangu mtu anaitaka ya spea, kaniambia elfu thelathini. Nitoe?

Fundi Msimbazi: Kioo tu kinazidi hiyo, ngoja kwanza.