Tupeane uzoefu: taa nyekundu ya joto imewaka uko katikati ya foleni, unafanyaje?

KimaraTemboni
Wakuu, habari za jioni. Vitz ya 2007, ile isiyo na mshale wa joto, ina taa ya bluu tu ukiwasha asubuhi na nyekundu ikizidi. Siku hizi ikiingia foleni ya Kimara kwenda Ubungo, nyekundu inaanza kuchezacheza. Foleni ikiachia na gari likifika mwendo wa 50, inazimika yenyewe. Naomba wenye ujuzi waseme: pale pale barabarani mtu afanye nini kwanza, na azime injini au asizime?

DogoSpana
Toa themostati, kaka. Pwani hapa joto tupu, ya nini? Maji yapite muda wote, mchezo umeisha.

MzeeWaBoneti
Kijana, subiri kidogo. Nianze na la barabarani, la themostati nitarudi.

Taa ikianza kuchezacheza, kwa Toyota nyingi ndogo ni onyo la kwanza: joto limezidi lakini injini bado haijaumia. Ikitulia na kuwaka moja kwa moja, hapo muda umekwisha. Kwa hiyo dakika ile ya kuchezacheza ndiyo ya kufanya kazi.

Zima kitufe cha A/C kwanza. Kiyoyozi kinamwaga joto mbele ya rejeta na kinaipa injini mzigo. Halafu fungulia hita: swichi yake yote upande wa moto, upepo namba ya mwisho, vioo vyote chini. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, inachota joto kutoka kwenye maji yale yale ya injini. Washa taa za dharura, anza kuomba njia ya kushoto. Mkisimama, weka N na ukanyage breki, maana gia ya otomatiki ikibaki D huku gari limezuiwa inaendelea kuzalisha joto. Usimbane wa mbele, acha nafasi usogee mara moja kwa mita kadhaa badala ya kugusagusa mafuta kila sekunde.

Taa ikizimika ndani ya dakika mbili tatu, endelea hivyo hivyo na hita mpaka pa kusimama. Isipozimika, au ikitulia nyekundu, au ukaona mvuke, au ukasikia harufu tamutamu ya kulanti, toka barabarani na uzime. Usijiambie "nifike Ubungo tu". Hedi ya aluminiamu ikipinda, gasketi inaachia, na kutoka hapo unazungumzia kufungua injini.

MamaWawili
La hita ni kweli kabisa. Ila mhakikishe hita zenu zipo. Mafundi wengine huku pwani mpira wa hita ukivuja wanaukata na kuunganisha pande mbili, hita haipati maji tena. Jaribuni leo injini ikiwa ya moto: hita ikitoa upepo wa baridi, hiyo mbinu hamna.

RongaiExpress
Na hita ikitoa baridi wakati taa ya joto inawaka, hiyo ni habari mbaya zaidi. Maana yake maji yamekwisha au pampu haisukumi. Hapo usijaribu kupooza ukiwa unaendesha, zima mara moja.

MzeeWaBoneti
Sahihi kabisa, hilo nililisahau. Na kwa wenye mshale: ukipanda hadi juu kisha ukaanguka ghafla kwenye baridi, usifurahi. Kipimo kinakuwa hakiguswi na maji tena.

SafariKusini
Mimi gari linachemsha Kitonga kila nikipanda, foleni hakuna. Hizo mbinu za N zinanisaidiaje mlimani?

MzeeWaBoneti
Ndugu yangu, lako ni tofauti. Mlimani injini inafanya kazi kubwa na upepo upo, sasa maji hayapozwi ya kutosha: rejeta imeziba ndani, au mapezi yake yamejaa tope na wadudu, au pampu ni dhaifu. La mwenye uzi ni kinyume, linachemsha likisimama na kupoa likikimbia. Gari likikimbia upepo unapita wenyewe kwenye rejeta. Likisimama anayevuta upepo ni feni peke yake. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, Kimara, tazama feni.

DogoSpana
Sasa mzee, na themostati? Wengi wametoa na magari yanatembea.

MzeeWaBoneti
Yanatembea, ndiyo. Lakini feni isipozunguka, kutoa themostati hakuleti upepo. Maji yatazunguka haraka kwenye rejeta ambayo haipozwi. Tena kwenye injini nyingi za Toyota ile themostati ina kisahani cha nyuma kinachofunga njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Na kwenye baridi ya Mafinga injini haifikii joto lake, inakula mafuta bure. Nyingi zinafunguka kuanzia nyuzi 82 hivi, zinatosha kabisa kwa Dar. Kama unaishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji uchemshe: isipofunguka kabla maji hayajatokota, nunua mpya.

DogoSpana
Ile ya kisahani sikuijua. Lakini ikigoma kufunguka uko njiani, fundi akiitoa ufike nyumbani si msaada?

MzeeWaBoneti
Ufike nyumbani, sawa. Kesho yake weka nyingine.

Konda_Mstaafu
Tuongee la mfuniko jamani. Kuna konda pale Mandela, karibu na Tazara, daladala imechemsha, abiria wanapiga kelele, akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa chembamba. Yale maji yaliruka juu kuliko paa. Kifua, shingo na mkono wote. Watu wakamkimbilia na dawa ya meno, mwingine na mafuta ya kula. Yule kijana alilia mpaka abiria waliokuwa wanadai nauli wakanyamaza.

MamaWawili
Mungu wangu.

KimaraTemboni
Kumbe inaruka kiasi hicho?

Tegeta_Nyuki
Dawa ya meno inapooza lakini, si inaleta ubaridi?

NesiWaZamu
Hapana, tafadhali. Wala mafuta, wala unga, wala yai. Maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, si barafu. Vua nguo iliyolowa maji ya moto na pete au saa kabla hajavimba, ila nguo iliyonata kwenye ngozi iache. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata au mfuko safi wa nailoni, mpeleke hospitali. Uso, shingo na viganja havisubiri kesho.

RongaiExpress
Sababu ya kuruka ni presha. Mfuniko wa Toyota nyingi umeandikwa 1.1, ndiyo presha unayoishika kabla ya kuachia. Kwa presha hiyo maji yanaweza kupita nyuzi 115 bila kuchemka. Ukifungua, presha inatoka na sehemu ya maji inageuka mvuke ghafla, inarusha nje yaliyobaki. Hapa Nairobi, kwa ule mwinuko, maji bila presha yanachemka karibu nyuzi 94 tu. Kwa hiyo mfuniko wenye mpira uliochoka nao unachemsha gari kwenye foleni hata kama feni ni nzima.

MamaWawili
Basi mtu asubiri muda gani kabla ya kufungua?

MzeeWaBoneti
Nusu saa ndiyo kiwango cha chini, na boneti wazi. Boneti lenyewe, kama mvuke unatoka, usilifungue mpaka ukome. Kisha minya mpira mkubwa wa juu wa rejeta kwa kitambaa kinene: ukiwa mgumu bado kuna presha, usiguse mfuniko. Ukiwa laini na unavumilika kwa mkono, funika mfuniko kwa taulo lililokunjwa, geuza uso pembeni, zungusha robo mpaka kituo cha kwanza, sikiliza mpaka sauti ya "ssss" iishe, ndipo ukandamize na kumalizia.

Maji ya kuongeza yaingie polepole, injini ikiwa imewashwa na inanguruma taratibu. Maji baridi ya ghafla kwenye hedi iliyochemka yanaipasua. Na msimwagie injini ndoo kwa nje, naliona sana hilo. Maji ya kunywa ya chupa yanafaa kukufikisha kwa fundi, lakini kisha mrudishe kulanti, maana maji matupu ndiyo yanayoleta kutu inayoziba rejeta.

Tegeta_Nyuki
Mimi nilifundishwa usizime injini hata siku moja ikichemka, eti pampu ikisimama joto linapanda zaidi.

RongaiExpress
Joto linapanda kweli kidogo ukizima, kwa sababu maji yamesimama. Lakini kama maji hayapo, pampu inazungusha nini?

Tegeta_Nyuki
Na kama maji yapo na feni inazunguka?

MzeeWaBoneti
Hapo una hoja. Hakuna mvuke, maji hayajamwagika, feni inasikika, mkanda haujakatika: egesha, weka P, acha ingurume dakika moja mbili na hita wazi, tazama taa. Isiposhuka, zima. Lolote kati ya hayo likikosekana, zima bila kusubiri. Kwenye baadhi ya magari ukizima kisha ukarudisha ufunguo kwenye ON bila kuwasha, feni ya umeme inaendelea kuzunguka, inasaidia.

RongaiExpress
Mimi kwa dereva wa kawaida ningesema azime tu. Nani ataanza kukagua mkanda huku malori yanapiga honi?

MzeeWaBoneti
Tutatofautiana hapo, lakini sikulaumu.

KimaraTemboni
Nimerudi. Nimewasha injini, nikabonyeza A/C, feni kimya. Mafundi wa jirani wanasema ninunue rejeta nzima.

MzeeWaBoneti
Usinunue. Kwa gari lako A/C ikiwashwa feni inatakiwa izunguke. Fungua kisanduku cha fyuzi chini ya boneti, tafuta iliyoandikwa RDI FAN au FAN, iangalie kama imeungua. Ikiwa nzima, badilishana rilei ya feni na nyingine yenye namba ile ile. Bado kimya? Injini ikiwa imezimwa na baridi, chomoa soketi ya feni uipe waya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mikono mbali na mapanga.

KimaraTemboni
Fyuzi nzima. Rilei nimebadilisha, kimya. Betri moja kwa moja, kimya. Fundi akagonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka!

MzeeWaBoneti
Kaboni za mota zimekwisha. Leo imezunguka, kesho itagoma pale pale Kimara. Badilisha mota ya feni, na uitake iliyojaribiwa kwenye betri mbele yako kabla hujalipa. Kisha likiwa baridi jaza kulanti, liache lingurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, lizime lipoe, ndipo uongeze iliyopungua.

SafariKusini
Na sisi wa Noah, feni ya mkanda, haina mota wala rilei. Tunaijuaje?

RongaiExpress
Hizo zina klachi ya mafuta katikati. Injini ikiwa imezimwa na ya moto, isukume kwa mkono: ikizunguka mizunguko mingi bila ukinzani, imechoka. Na nyinyi ndio mnaofaidika kupandisha mizunguko hadi 1,500 mkiwa N, maana feni yenu inafuata injini.

SafariKusini
Yangu inazunguka raundi moja inasimama. Bado inachemsha Kitonga.