Memori kadi ya kamera: moja ya GB 128 au mbili za GB 64?

MpigaPicha_Pangani
Habari zenu wakuu. Jumamosi ijayo nina harusi na kadi yangu ya siku zote imeanza kuleta Err 02. Nataka kununua mpya kesho. Nichukue moja ya GB 128 au mbili za 64? Na kasi ipi? Dukani wananionyesha moja imeandikwa 170, nyingine 300, bei ni mbingu na ardhi.

MamaStudio
Kamera gani mwanangu? Picha tu au na video? Unapiga RAW au JPEG? Bila hayo tutakuagiza gizani.

LenziKali
Chukua ya 300 ufunge mjadala. Kazi ya hela hainunuliwi kadi ya bei rahisi. Mimi tangu nihamie huko kamera haijawahi kukwama.

MpigaPicha_Pangani
Samahani, nilisahau. Ni Canon 6D Mark II. Napiga RAW pamoja na JPEG, video kidogo wakati wa kukata keki.

FundiKamera
Basi ya 300 ni hela ya kutupa kwako. Geuza kadi ya namna hiyo uone: ina safu mbili za vipini vya shaba. Kamera yako inagusa safu moja tu, kwa hiyo itakwenda kwa mwendo wa kadi za kawaida. LenziKali anasema kweli kwa kamera yake, si kwa hii.

Halafu ile namba kubwa ya mbele ni kasi ya kusoma, yaani kuhamishia picha kwenye kompyuta. Tafuta alama ya V30. Hiyo inaahidi kuandika megabaiti 30 kila sekunde bila kushuka, na video ya kamera yako haifiki hata 10.

Ukubwa sasa. RAW moja chukulia megabaiti 30, JPEG yake 8. Picha 1,500 ni kama GB 57, na kadi ya 64 kompyuta inaisoma 59 na ushee. Kwa hiyo moja ya 64 itabaki na nafasi ndogo, ukiongeza video inaweza kukuishia ukumbini. Kamera ina tundu moja, huna nakala ya pili inayoandikwa papo hapo. Ningenunua mbili za 64: moja ya kanisani, nyingine ya ukumbini, ikiharibika moja nusu ya kazi imebaki.

LenziKali
Na wakati wa kubadilisha ndipo maharusi wanapoingia! Wengi hupoteza kadi ndogo mfukoni kuliko zinavyoharibika. Mimi nabaki na 128.

DukaLaKona
Ya kwangu ya dukani inarekodi usiku na mchana, kadi inakufa kila miezi michache. V30 itasaidia?

FundiKamera
Hiyo ni kamera ya ulinzi kaka, shida yako ni kuandikwa juu bila kupumzika, si kasi. Tafuta kadi iliyoandikwa High Endurance.

MamaStudio
Hamjamwambia kuhusu feki. Mwaka juzi nilinunua "GB 128" kwa bei ya kuvutia, nikaenda nayo kwenye send-off. Kila nikibonyeza, picha inaonekana nyuma ya kamera, nikaridhika. Nyumbani picha za mwanzo zilifunguka vizuri, kuanzia mama mkwe alipoingia yote ni kijivu. Majina ya mafaili yapo, ndani hamna kitu. Kadi ilikuwa na GB 8 tu ndani yake, imedanganywa ijitangaze 128. Nilimrudishia yule mama mwenye shughuli hela yake, akakataa kuipokea, akasema anataka picha za marehemu baba yake aliyekaa meza ya mbele. Sasa kadi mpya haitoki nyumbani kwangu kabla ya kujazwa yote na kusomwa. Kwa Windows kuna H2testw. Mwanangu anatumia Linux, huandika hivi:

```
f3write /media/kadi
f3read /media/kadi
```

Ukiona Data LOST si sifuri, rudisha dukani siku hiyohiyo. Kwa ya 64 tenga nusu saa au zaidi.

LenziKali
Na usifute picha mojamoja kwenye kamera, ndiyo inayoua kadi.

FundiKamera
Haiiui. Ila ukiwa na haraka unaweza kufuta isiyo yake. Hamisha zote sehemu mbili, kisha fomati ndani ya kamera ileile. Na usiguse mlango wa kadi taa nyekundu ikiwa inawaka, hapo ndipo mafaili mengi hukatika.

MpigaPicha_Pangani
Asanteni. Ile yenye Err 02 niliifomati jana, ikakubali, nikapiga kumi za kujaribu. Kumbe picha za kipaimara cha wiki iliyopita sikuwa nimezihamisha.

FundiKamera
Itoe kwenye kamera sasa hivi, usipige hata moja zaidi! Kufomati kwa kawaida kumefuta orodha tu, picha bado zipo isipokuwa zilizokaliwa na hizo kumi. Tumia PhotoRec, na zinazookolewa ziende kwenye diski ya kompyuta, zisirudi kwenye kadi hiyo.

MpigaPicha_Pangani
Nimeitoa. Natafuta kadi rida, ya kwangu ameiazima jirani.