Mimba ya miezi saba, naharisha tangu usiku, nimekosea kuchanganya ORS. Nifanye nini?

Mama_Bwera: Habari za asubuhi wapendwa. Niko Bwera, wilaya ya Kasese, mimba ya wiki 30. Tangu saa tano usiku nimeenda choo mara saba, maji matupu. Sina homa na sijaona damu. Mume wangu alininunulia ORS, nikamimina paketi nzima kwenye chupa ya maji ya nusu lita, nikanywa yote. Ilikuwa chumvi kali mpaka ulimi unauma. Baadaye nimetapika, kiu imezidi na choo hakijapungua. Je, chumvi hiyo imemfikia mtoto? Niendelee kunywa au niache?

Baba Wawili: Pole sana. Wetu alipoharisha tulipewa ORS na vidonge vya zinki siku kumi. Mtoto wako ana umri gani?

Mama_Bwera: Ndugu, anayeharisha ni mimi. Mtoto bado yuko tumboni.

Duka_la_Dawa: ORS usiache, hapo uko sawa. Ongeza Flajili na kidonge cha kufunga tumbo, kesho utakuwa mzima.

Mkunga Nyabo: Ndugu wa duka, la ORS umesema kweli, hayo mengine hapana. Hatumpi mjamzito Flajili kabla ya kujua anaumwa nini, maana kuharisha kwa maji mara nyingi hakuhitaji antibiotiki yoyote. Na kidonge cha kufunga tumbo kikikutana na kuharisha kwa damu au kwa homa kinaweza kuuficha ugonjwa.

Dada, soma paketi yako. Nyingi hapa Uganda zimeandikwa lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita, ingawa zipo za kipimo kingine. Ukiweka maji nusu, chumvi na sukari zinazidi, na badala ya utumbo kunyonya maji, zinayavuta kutoka mwilini kuyaingiza tumboni. Ndiyo maana kiu imeongezeka na choo hakitulii. Chupa moja haijamharibu mtoto. Kinachomtishia ni wewe kukaukiwa, kwa sababu damu inayomfikia inapungua, na tumbo linaweza kuanza kubana kabla ya wakati.

Fungua paketi mpya. Chemsha maji, yapoe, pima lita moja kamili kama ndivyo paketi ilivyoandikwa, kisha umimine paketi yote. Ukishachanganya usichemshe tena, wala usiongeze sukari au soda. Kunywa kikombe kimoja au viwili kila baada ya choo. Ukitapika, ngoja dakika kumi, urudi kwa kijiko, kidogo kidogo.

Sasa nijibu: mara ya mwisho umekojoa lini, mkojo ulikuwa na rangi gani, na mtoto anacheza?

Mama_Bwera: Nimekojoa saa nane usiku, kidogo, rangi ya chai kavu. Sasa ni saa tatu asubuhi. Mtoto kwa kawaida hucheza nikiamka. Leo sijamsikia vizuri. Nikisimama naona giza.

Mkunga Nyabo: Basi usingoje chai. Nenda kituo cha afya sasa hivi na kadi yako ya kliniki, na chupa iliyochanganywa vizuri uinywe njiani. Usipande boda peke yako, mwenye kizunguzungu huanguka. Waambie kwanza habari ya mtoto, ndipo kuharisha. Choo kikigeuka kama maji ya mchele, useme hapohapo. Kasese tumeshapata kipindupindu, na kinakausha mtu kwa saa chache.

Mama Presha: Samahani kuingilia. Mimi nina presha ya mimba na nimekatazwa chumvi. Nikiharisha nami ninywe?

Mkunga Nyabo: Kukaukiwa ni hatari kwako pia, kwa hiyo usikae bila kunywa. Ila wewe unywe ukielekea kituoni wakupime, hasa kama umevimba uso au kichwa kinauma. Kiasi chako siwezi kukukadiria hapa.

Duka_la_Dawa: Lakini Flajili wajawazito wanaandikiwa kila siku.

Mkunga Nyabo: Wanaandikiwa, baada ya kupimwa.

Mama_Bwera: Nimerudi, ni jioni. Musawo alisikiliza moyo wa mtoto kwanza, akasema unapiga vizuri. Nimepimwa presha na malaria, sina malaria. Wamenikalisha kwa muda wa saa nne nikinywa ORS kwa kikombe, karibu lita tatu, bila dripu. Kikombe cha tano nilikitapika, tukangoja, nikaanza tena. Saa tisa nimekojoa mkojo mweupe, na mtoto amenipiga teke nikiwa bado kwenye benchi. Kilichoniharisha hakijajulikana. Mimi nashuku maji ya jerikeni, mume anasema samaki. Nimeambiwa nirudi kesho kama choo hakitapungua, au usiku huu huu nikiona damu, homa, tumbo kubana au mtoto kunyamaza.

ORS iliyobaki kwenye jagi je?

Mkunga Nyabo: Ifunike, uinywe mpaka kesho saa kama uliyoichanganya. Zikitimia saa 24 imwage, uchanganye nyingine.