Tupeane uzoefu: tarehe, saa au kiasi ulichoandika wewe, aliye nchi nyingine akasoma kivingine

mfasiri_huru
Wakuu, salaam. Naanza na yangu. Natafsiri kwa kujitegemea na wateja wengi wako nje. Mwishoni mwa Machi 2024 nilipata kazi ya kurasa sitini hivi, mteja wa Marekani akaandika inatakiwa 04/05. Nikasoma tarehe 4 Mei. Mwezi na siku kadhaa kwa kurasa sitini si muda wa kushangaza, kwa hiyo sikuuliza, nikaipanga nyuma ya kazi nyingine mbili. Jumatatu tarehe 8 Aprili ikaingia barua pepe ya mstari mmoja: kazi iko wapi? Kumbe alimaanisha Aprili 5, Ijumaa iliyokuwa imepita.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua Wamarekani hutanguliza mwezi. Nimejua miaka yote. Ila tarehe zote mbili zilikuwa bado mbele na zote ziliingia akilini. Angeandika 04/25 ningeshtuka palepale, maana mwezi wa 25 haupo. Nyie yamewakuta yapi, na sasa mnaandikaje?

Bi_Ratiba
Pole, mwanangu. Nimepanga mikutano ya watu wa nchi nne tano kwa miaka mingi, na hiyo ya siku 1 hadi 12 ndiyo mtego wenyewe. Kuanzia tarehe 13 tarehe inajitetea yenyewe.

Mimi naandika mwezi kwa herufi na siku ya juma mbele: Ijumaa 5 Aprili 2024. Watu hudhani siku ya juma ni mapambo. Ndiyo mlinzi. Tarehe 4 Mei 2024 ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo kama mteja angeandika Ijumaa, ungefungua kalenda, ungeona hazilingani, ungeuliza. Aliyekosea kuandika na aliyekosea kusoma wote wananaswa na kitu hicho kimoja.

kijana_UTC
Mnajisumbua. Tarehe ni 2024-04-05 na saa ni UTC, basi. Dunia nzima inaelewa, hakuna mjadala.

Fundi_Majedwali
Kwa tarehe nakuunga mkono, kijana, hasa kwenye faili. Niliwahi kupokea orodha ya malipo kama arobaini kutoka ofisi ya nchi nyingine, faili la CSV, tarehe zimeandikwa siku/mwezi/mwaka. Kompyuta yangu ya kazini ilikuwa imewekwa mpangilio wa Kimarekani. Nikafungua kwa Excel, nikapanga kwa tarehe, nikatuma ripoti. Malipo ya 05/04 yakawa ya Mei 4. Malipo ya 19/04 hayakugeuka, kwa sababu Excel haikupata mwezi wa 19, ikayaacha kama maandishi tu.

Niligundua kwa jicho. Safu ya tarehe ilikuwa imechanika: nyingine zimeegemea kulia, nyingine kushoto. Zilizoegemea kulia Excel imezikubali kuwa tarehe, za kushoto ni maandishi. Ukiona hivyo, zile za kushoto ziko salama, ni sahihi kama zilivyoandikwa. Zilizoharibika ni zile zinazoonekana nzuri. Siku hizi namwomba mtu anitumie .xlsx, maana humo tarehe imehifadhiwa kama namba na kila kompyuta inaionyesha kwa mpangilio wake bila kuigeuza. Kama ni lazima iwe CSV, basi mwaka-mwezi-siku kama alivyosema kijana.

Mama_Neema
Hii mada imenigusa. Fomu moja imeandika nimezaliwa 08/11 na nyingine 11/08, na sasa natakiwa kuziambatanisha kwenye maombi ya nje. Je, niende kwa wakili nikaape?

Bi_Ratiba
Mama Neema, hilo la kuapa waulize hao hao wanaopokea maombi, kila ofisi ina yake. Ila angalia pasipoti kama unayo: pale mwezi kwa kawaida umeandikwa kwa herufi, na ile mistari ya chini ya kusomwa na mashine huandika mwaka, mwezi, siku kwa mfuatano huo. Huo ndio ushahidi wako wa kuonyesha ipi ni siku na ipi ni mwezi.

Sasa kijana_UTC. Kwenye saa uko sahihi nusu. Nilikuwa na mkutano wa kila Jumanne ulioitishwa na watu wa New York, saa 09:00 yao. Mimi nikauandika kwa wenzetu kuwa ni 17:00 saa za Nairobi. Februari yote sawa. Jumanne tarehe 11 Machi 2025 tukaingia 17:00, hakuna mtu. Walikuwa wameshamaliza.

Tupige hesabu. Februari New York wako UTC-5, kwa hiyo 09:00 yao ni 14:00 UTC, na Nairobi ni UTC+3, inakuwa 17:00. Jumapili tarehe 9 Machi wao wakasogeza saa mbele, wakawa UTC-4. Ileile 09:00 ikawa 13:00 UTC, yaani 16:00 kwetu. Sisi hatukugusa saa, wao hawakubadilisha mkutano, na bado tukapishana kwa saa nzima.

Nao wa London waliokuwemo walichanganyikiwa mara mbili. Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi, mwaka ule tarehe 30. Kwa wiki tatu hivi mkutano wao ulikuwa 13:00, halafu ukarudi 14:00 kama awali.

Sasa niambie: ningeandika 14:00 UTC ingenisaidia nini? Ningekuwa nimekosea vilevile, tena kwa kujiamini.

kijana_UTC
Si wangeuweka wenyewe kwa UTC tangu mwanzo? Basi wangeingia saa 10:00 yao baada ya Machi 9, shida iwe yao.

Bi_Ratiba
Jaribu kumwambia bosi aliyeitisha mkutano kuwa shida ni yake, kisha urudi utusimulie. Kwa jambo lililokwisha kutokea, kumbukumbu za mfumo kwa mfano, UTC haina mpinzani. Kwa tukio moja la karibu, nayo inatosha. Kwa mkutano unaojirudia, andika jiji ambalo saa yake ndiyo inayoshikilia mkutano: "09:00 saa za New York". Na kwenye kalenda ya kompyuta tengeneza mwaliko kwa ukanda wa jiji hilo, America/New_York, ikuhesabie yenyewe. Vifupisho kama EST viogope. Mtu anaandika EST mwezi wa Julai wakati EST ni UTC-5 na yeye yuko UTC-4. Na CST ukiipata kwa mgeni usiyemjua, inaweza kuwa ya katikati ya Marekani au ya China. Hapo mmepishana saa kumi na nne.

kijana_UTC
Sikubali yote, ila hilo la CST nimelipokea.

Shangazi_wa_Mbali
Mbona hamjagusa saa zetu wenyewe? Mimi naishi ugenini, wanangu wanasoma Kiswahili lakini saa wanahesabu za huku. Ndugu yangu alimwandikia binti yangu: "Nipigie kesho 4:00 usiku". Yeye alimaanisha saa nne, 22:00. Binti akaweka kengele ya 04:00, akaamka gizani, akampigia mjomba wake aliyekuwa amelala fofofo. Tulicheka, lakini ingekuwa usaili wa kazi?

mfasiri_huru
Shangazi, hapo umenikumbusha. Nikitafsiri mialiko huwa nafuata sheria moja niliyojiwekea: saa ya Kiswahili naiandika kwa maneno tu, "saa nne usiku", na tarakimu naziachia saa ya kimataifa tu, 22:00. Naweka zote mbili pamoja. "4:00 usiku" siandiki kabisa, maana ni maneno ya huku kwenye nguo za kule.

Shangazi_wa_Mbali
Nzuri hiyo. Ila mimi nasema kwenye ujumbe wa nchi mbili acheni kabisa saa za Kiswahili. 22:00 peke yake.

mfasiri_huru
Hapo hatukubaliani. Wapo wasomaji ambao 22:00 wanaigeuza kichwani, na wengine wanakosea kuigeuza.

Bi_Ratiba
Na usiku una jambo lake jingine. "Jumatano usiku saa nane" ni lini? Kwa kalenda ya simu, 02:00 ya Jumatano inakuja baada ya Jumanne kuisha. Mwingine ataisoma kuwa Jumatano jioni inayoendelea mpaka usiku wa manane, yaani Alhamisi 02:00. Na kwa hesabu ya wazee, siku inaanza jua likizama, usiku wa Jumatano ni ule unaotangulia. Mimi naandika "usiku wa kuamkia Jumatano" na tarehe pembeni. Kwa tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kitu naikwepa kabisa saa sita usiku, naweka 23:59 ya siku fulani.

Mzee_Ankara
Mmesahau fedha. Niliandika bei ya kazi "$800" kwa mteja wa Kanada. Alilipa 800, za Kanada. Hakunidhulumu, hiyo kwake ndiyo dola. Tangu hapo ni USD 800.00, herufi tatu mbele kila mara, na kwenye ankara vilevile.

Fundi_Majedwali
Na nukta na mkato, mzee. Kwa Mjerumani 1.250 ni elfu moja mia mbili hamsini, na mkato ndio unaotenga senti. Ukimwandikia "sampuli 1.250 kg" ukimaanisha kilo moja na robo, jiandae kuulizwa kuhusu lori. Hatari iko pale penye alama moja na tarakimu tatu baada yake. 1.250,00 inajieleza, 1250.00 nayo inajieleza. Kwa hiyo maelfu sitengi kwa alama yoyote, na fedha lazima iwe na tarakimu mbili za mwisho. Kwa uzito nashuka kipimo: gramu 1250.

Mzee_Ankara
Hizo tarakimu mbili si kila fedha, lakini. Yeni haina senti.

Fundi_Majedwali
Kweli. Na dinari ya Kuwait ina tatu. Bahati yangu wateja wangu hawako huko.

mfasiri_huru
Wakuu, asanteni. Nina mkutano wa kuitisha mwenyewe na mteja wa London, nimeandika hivi, mniambie:

```
Jumatano 27 Oktoba 2026
17:00 Nairobi (UTC+3) = 15:00 London (UTC+1)
```

Shangazi_wa_Mbali
Mwanangu, tarehe 27 Oktoba 2026 ni Jumanne. Unataka 27 au Jumatano?

mfasiri_huru
Lo! Jumatano, tarehe 28.

Bi_Ratiba
Na London watakuwa wamerudisha saa nyuma Jumapili tarehe 25. Kwao ni 14:00, UTC+0.

mfasiri_huru
```
Jumatano 28 Oktoba 2026
17:00 Nairobi (UTC+3) = 14:00 London (UTC+0)
```
Natuma sasa hivi kabla sijaharibu kingine.