Mjadala: Deni la dada liandikiwe barua, au tuzungumze tu?

Muulizaji: Dada yangu alinikopesha shilingi 960,000 mwanangu alipolazwa. Nimeandika barua hii. Niitume, au kumwandikia ndugu wa damu ni kumvunjia heshima?

"Dada, shikamoo. Deni lako la 960,000 sijalisahau. Naomba nikulipe 80,000 kila tarehe 5 kwa miezi 12, kuanzia Februari hadi Januari. Nitatuma kwa simu. Mdogo wako."

Mstaafu, Dodoma: Usitume. Dada hakukupa pesa kwa karatasi. Nenda umwamkie, mkae, umwambie kwa mdomo. Karatasi inakuja watu wakishagombana.

Mhasibu wa kikoba, Moshi: Aende kumwona, sawa, lakini aende na barua mkononi. Mimi kinachonitia shaka ni ratiba. Una mtoto wa shule: Julai na Januari ada zinafunguliwa, na hapo ndipo 80,000 itakosekana. Weka 30,000 kwa miezi hiyo miwili na 90,000 kwa ile kumi. Jumla ni ileile 960,000, na unamaliza tarehe ileile. Taja pia ya kutolea ni ya nani, maana usipoiongeza, dada anapokea pungufu kila mwezi na hatasema. Kila ukituma, andika: "Nimetuma 90,000, baki 870,000." Ukiona utakwama, mwambie kabla ya tarehe 5, na rejesho hilo lisogee mwezi wa 13. Usiahidi kulipa mara mbili mwezi unaofuata. Aliyeshindwa 90,000 ataitoa wapi 180,000?

Msomaji, Tanga: Al-Baqara aya ya 282 inaagiza deni la muda maalumu liandikwe, na ndugu hakutolewa. Ila bila mashahidi wawili barua hiyo haina nguvu hata mahakamani.

Mhasibu wa kikoba, Moshi: Mashahidi ni wazuri, lakini kwa sheria ya Tanzania mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia saini, inatosha kuanza kuhesabu upya ile miaka 6 ambayo mdai anaruhusiwa kudai mahakamani. Kwa hiyo barua inamlinda zaidi dada.

Mama, Mbeya: Kwetu, mimi ndiye niliyekopesha. Kaka yangu alianza vizuri, kisha ukaja msiba, nikamwomba elfu 50 ya rambirambi. Akaikata kwenye deni bila kuniuliza. Mimi nilijua ni mchango wake kwa marehemu. Mpaka leo hesabu zetu hazilingani.

Kijana, Kahama: Kwa nini asichukue mkopo wa simu amlipe dada mara moja?

Mama, Mbeya: Wa simu una riba, mwanangu. Dada hakutaka riba.

Mstaafu, Dodoma: Hilo la msiba limenigusa. Basi aandike, lakini ampe mkononi, na aongeze mstari mmoja kwamba michango ya familia haihesabiwi kwenye deni.

Msomaji, Tanga: Na kama dada mwenyewe ndiye atataka ihesabiwe?