Serikali ikikopa kwenye mabenki ya ndani, mfanyabiashara anabaki na nini?

Muulizaji: Naambiwa serikali ikikopa sana ndani, sisi wenye biashara tunakosa mikopo au tunaipata kwa riba kubwa. Ni kweli, au mabenki yanatafuta kisingizio?

Mstaafu wa benki: Ni kweli. Nimekaa miaka mingi kwenye kamati ya mikopo. Tuseme hati za serikali, yaani karatasi za deni inazouza ili kukopa, zinalipa asilimia 13, na mfanyabiashara tunamtajia 18. Katika kila 100 tuliyokopesha, tulitarajia 4 zisirudi, na 2 ziishie kwenye ufuatiliaji na mawakili. Zinabaki 12. Serikali inatupa 13 bila kumkimbiza mtu. Isitoshe, kanuni za Basel, ambazo ni kanuni za kimataifa za mabenki, zinaruhusu benki isitenge mtaji kwa deni la serikali lililo katika sarafu yake yenyewe, ilhali mkopo wa kawaida wa biashara hutengewa angalau 8 katika 100.

Utasema basi pandisheni riba. Tukifika 22, mwenye hesabu zake anaondoka. Anayekubali bila kubisha mara nyingi ni yule ambaye hajapiga hesabu ya kulipa. Ndiyo maana benki huishia kufunga mlango. Inaniuma hadi leo, kwa sababu niliwakataa watu waliostahili.

Mpenda takwimu: Mbona Japani deni la serikali limepita asilimia 200 ya pato la taifa, na riba ilikaa karibu na sifuri miaka mingi? Halafu fedha hiyo haipotei. Mkandarasi akilipwa, inarudi benki.

Fundi samani: Mimi nilinyimwa mkopo kwa sababu akaunti yangu imekauka. Ofisi moja ya umma haijanilipa madawati kwa miezi 14. Hilo nalo mnaliitaje?

Mstaafu wa benki: Pole, ndugu fundi. Umeikopesha serikali bila riba na bila hati, ila hilo ni jeraha jingine, si hili tunalolijadili.

Japani kampuni zenyewe hazikuwa na hamu ya kukopa, akiba ikajaa, na benki kuu ikanunua hati kwa wingi. Na fedha ya mkandarasi ikirudi kama amana, benki inaamua upya pa kuipeleka, na hati bado inalipa 13. Ukitaka kujua kama ni serikali inayowabana wafanyabiashara, tazama wingi wa mikopo pamoja na bei yake, yaani riba. Mikopo ikipungua huku riba ikishuka, waliopungua ni wakopaji. Ikipungua huku riba ikipanda, angalia kama riba ya minada ya hati ilitangulia kupanda.

Mpenda takwimu: Kenya iliweka ukomo wa riba mwaka 2016, pointi 4 juu ya kiwango cha benki kuu, ikauondoa 2019. Mikopo ya biashara ndogo ilidorora, lakini riba isingeweza kupanda. Kipimo chako kinasema nini hapo?

Mstaafu wa benki: Hapo hakisemi kitu, nakubali. Bei ikishafungwa na sheria, mteja mwenye hatari anakataliwa hata kama serikali haikopi. Kiasi gani kilitokana na ukomo na kiasi gani na hati, sijaona hesabu iliyoniridhisha.